Pengo katika masomo au kazi: jinsi ya kulieleza kwa ukweli na kwa ufupi unapoomba mafunzo kwa vitendo

Anayesoma maombi ya mafunzo kwa vitendo huwa na rundo mbele yake na dakika chache kwa kila bahasha. Macho yake hupita kwenye tarehe kabla ya kusoma maelezo. Akikuta ulianza chuo Oktoba 2021 na kozi ni ya miaka mitatu, lakini unamaliza 2025, tayari amehesabu kwamba kuna mwaka mmoja haujulikani ulipo. Kwa kawaida hilo peke yake halimfanyi akukatae. Linalomsumbua ni kutojua, kwa kuwa mtu asiyejua hujaza mwenyewe, na mara nyingi hujaza jambo baya kuliko lililotokea.

Kazi ya maelezo yako ni kumwondolea swali hilo ili arudi kwenye uwezo wako. Hayatakiwi kumfanya akuhurumie, wala kumsimulia maisha yako. Kwa pengo la kawaida, sentensi mbili zinatosha, zisizozidi maneno 40 kwa jumla. Ugumu ni kuzifikia sentensi hizo mbili zikiwa za kweli, zikilingana na vyeti vyako, na zikiwa mahali panapofaa.

Anza na tarehe, maneno yatafuata

Chukua karatasi moja. Andika kila ulichofanya tangu ulipomaliza sekondari, kila kimoja kwenye mstari wake, na mwezi na mwaka wa kuanza na wa kumaliza. Usitumie kumbukumbu pekee. Weka mezani hati ya matokeo, barua ya chuo ya kukuruhusu kuahirisha masomo, barua ya kurejeshwa, na barua yoyote ya kazi au ya kujitolea uliyo nayo.

Hapa ndipo kosa la kwanza hujitokeza, na hufanywa na watu wakweli kabisa. Siku uliyoacha kuhudhuria darasani na siku ambayo chuo kiliandika kwamba umeahirisha hazifanani. Huenda uliondoka katikati ya Januari, lakini chuo kikaidhinisha ombi lako kuanzia Machi, mwanzo wa muhula. Ukiandika Januari na hati ikasema Machi, msomaji ataona nyaraka mbili zinazopingana, na hatajua kwamba moja ni siku uliyoondoka na nyingine ni siku chuo kilipoidhinisha. Tumia tarehe za chuo kila mahali.

Ukishapanga mistari, tafuta sehemu zenye miezi isiyo na kitu. Si kila uwazi ni pengo la kuelezwa. Miezi ya kusubiri matokeo na muhula wa kwanza wa chuo ni kusubiri kwa kawaida, na kila anayesoma maombi analijua hilo. Likizo ya kati ya mihula vivyo hivyo. Kipimo tunachopendekeza ni hiki: uwazi wa chini ya miezi 3 uache kama ulivyo. Wa miezi 3 hadi 6 uonekane kwenye wasifu kupitia tarehe zilizo wazi, bila sentensi kwenye barua. Uliozidi miezi 6, au uliokufanya uchelewe kumaliza kozi kwa zaidi ya muhula mmoja, utaje kwenye barua. Na pengo lililokwisha kabla hujaanza kozi unayosoma sasa halina haja ya kutajwa isipokuwa fomu imeuliza, kwa sababu masomo uliyofanya baada yake yameshalifunika.

Zipo fomu zinazobadili kipimo hiki. Nafasi za kazi na watoto, ulinzi, au sehemu zinazoshika fedha za watu mara nyingi hudai kila kipindi kielezwe, hata cha mwezi mmoja. Soma maelekezo ya fomu kabla ya kuamua nini cha kuacha.

Sentensi yenyewe ina viungo vitatu

Maelezo mazuri ya pengo hujibu maswali matatu, kwa mpangilio huu: lilikuwa lini, lilitokana na nini kwa jumla, na sasa hali ikoje. Ukiondoa kimoja, msomaji atakitafuta. Ukiongeza cha nne, kwa kawaida umeanza kujitetea.

«Lini» ni mwezi na mwaka, mwanzo na mwisho. Waombaji wengi huandika mwaka tu, «2023», wakidhani pengo litaonekana dogo. Matokeo yake huwa kinyume, kwa sababu mwaka mtupu huacha nafasi ya kudhani miezi 12 hata kama ilikuwa 7, na msomaji mzoefu huona kwamba miezi imefichwa.

«Nini» ni jina la kundi, si historia. Makundi yenyewe ni machache: afya, kumhudumia mgonjwa katika familia, ada, ujauzito au malezi, matokeo ya masomo, kubadili kozi, kutafuta kazi. Taja kundi lako kwa maneno mepesi kisha simama. Maneno tunayokushauri uyaepuke ni «sababu binafsi» na «sababu zilizo nje ya uwezo wangu». Si uongo, lakini hayasemi kitu. Yanatangaza kwamba kuna jambo, kisha yanafunga mlango, na hapo ndipo msomaji huanza kujaza mwenyewe. «Sababu za kiafya» ni fupi pia, haitoi siri yako yoyote, na inamtosha.

«Sasa» ndicho kiungo kinachosahauliwa zaidi, nacho ndicho chenye uzito. Anayekuajiri kwa miezi mitatu ana hofu moja halisi: je, mtu huyu ataondoka katikati? Huwezi kumjibu kwa ahadi kama «nakuhakikishia haitatokea tena», kwa kuwa ahadi haithibitishiki. Mjibu kwa jambo lililokwisha kufanyika: umerudi lini, umemaliza mihula mingapi tangu hapo, na kilichokuondoa kimefikia wapi.

Mfano mmoja, mwanzo hadi mwisho

Tuchukue mwanafunzi wa shahada ya uhasibu. Alianza Oktoba 2021. Alisoma mihula mitatu, kisha akaahirisha kuanzia Machi 2023 kwa sababu mama yake alipata kiharusi na hapakuwa na mwingine wa kumhudumia. Chuo kilimpa ruhusa kwa maandishi. Alirudi Machi 2024, amemaliza mihula miwili bila kurudia somo, na sasa, Machi 2025, yumo katika muhula wa mwisho, anatarajia kumaliza Julai. Katika miezi mitano ya mwisho wa pengo, Oktoba 2023 hadi Februari 2024, alikuwa akitunza hesabu za biashara ndogo ya familia bila malipo. Anaomba mafunzo ya uhasibu yanayoanza Agosti 2025.

Rasimu yake ya kwanza ilianza hivi:

«Kwanza kabisa napenda kuomba radhi kwa kuchelewa kumaliza masomo yangu. Mwaka 2023 ulikuwa mgumu sana kwangu kwani mama yangu mpendwa alipata kiharusi kilichompoozesha upande wa kulia, na mimi nikiwa mtoto wa kwanza sikuwa na budi kuacha kila kitu. Ndugu wa baba walikataa kusaidia…»

Na iliendelea kwa mistari mingine minane. Hakuna uongo hata mmoja humo, na mtu yeyote mwenye moyo angeguswa. Lakini angalia inachofanya. Msamaha wa mwanzo unamfundisha msomaji kwamba kuna kosa, wakati hapana. Kuumwa kwa mama, tena upande gani wa mwili, ni habari ya mama, si ya mwombaji, na sasa imo kwenye faili la kampuni asiyoijua. Ndugu wa baba wameingizwa wakiwa washtakiwa, na msomaji amepata hisia ya mgogoro usiomhusu. Baada ya yote hayo, bado haijulikani aliondoka mwezi gani, alirudi lini, wala kama mama bado anamtegemea.

Sasa tukate. Kwanza toa kila neno la hisia na kila mtu asiye wa lazima. Kinachobaki: aliahirisha ili kumhudumia mzazi mgonjwa. Weka tarehe za chuo. Ongeza kwamba ilikuwa kwa ruhusa, kwa sababu hilo hutenganisha aliyefuata taratibu na aliyetoweka, na barua ipo ya kulithibitisha. Kisha weka hali ya sasa:

«Kuanzia Machi 2023 hadi Februari 2024 niliahirisha masomo kwa ruhusa ya chuo ili kumhudumia mzazi aliyekuwa mgonjwa. Nilirudi Machi 2024, nimemaliza mihula miwili bila kurudia somo lolote, na sasa ndugu wengine ndio wanaomhudumia.»

Ni maneno 33. Msomaji ana tarehe, ana sababu, anajua kwamba mambo yametulia, na hana swali linalomzuia kuendelea. Kipande cha mwisho kiandikwe tu kama ndivyo ilivyo. Kama mzazi amefariki, «jukumu hilo limekwisha» inatosha. Hulazimiki kutangaza msiba wako kwa mgeni. Kama bado unamhudumia lakini umejipanga, sema ulivyojipanga: «ninamhudumia jioni, na ratiba hiyo haijaathiri mahudhurio yangu tangu Machi 2024». Ila usiliseme la mahudhurio kama daftari la chuo linasema vingine.

Tahadhari moja kuhusu «kwa ruhusa ya chuo»: ni maneno ya thamani, kwa hiyo yasiazimwe. Kama uliacha kuhudhuria bila kuandika ombi kisha ukasajiliwa upya, andika hivyo hivyo: «nilisitisha masomo… nikasajiliwa upya Machi 2024». Inasikika kavu kidogo, lakini ofisi ya usajili ikipigiwa simu itasema hayo hayo.

Kila nyaraka ipate sehemu yake

Pengo hilo hilo huonekana kwenye wasifu, kwenye barua na kwenye fomu, na kila mahali lina urefu wake. Waombaji wengi hukosea kwa kubandika aya moja kila sehemu.

Kwenye wasifu, pengo ni mstari wa tarehe chini ya kozi yenyewe, bila sababu yoyote:

«Shahada ya Uhasibu, Oktoba 2021 – Julai 2025 (inatarajiwa). Masomo yaliahirishwa Machi 2023 – Februari 2024.»

Mstari huo huzuia hesabu ya kimya ya msomaji, na hauhitaji zaidi. Chini ya uzoefu, mwanafunzi wetu ataweka ile miezi mitano kama ilivyokuwa:

«Utunzaji wa hesabu, biashara ndogo ya familia (bila malipo), Oktoba 2023 – Februari 2024. Niliandika mauzo ya kila siku na kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kila mwisho wa mwezi.»

Neno «bila malipo» na neno «familia» yote mawili yabaki. Mtu huvutiwa kuyafuta na kujiita «mhasibu» au «mshauri wa kujitegemea». Cheo cha namna hiyo huvunjika kwa swali moja tu la msaili: «Wateja wako walikuwa nani?» Kazi ile ya kulinganisha daftari na taarifa ya benki ina thamani kamili kwa nafasi anayoomba, na haihitaji koti la kuazima. Kama katika pengo lako hukufanya kitu chochote cha kuandikwa, usitafute cha kuweka. Kumwuguza mtu au kujiuguza mwenyewe ni kazi ya kutwa nzima, na kozi ya mtandaoni ya wiki mbili iliyotandazwa juu ya mwaka mzima humfanya msomaji aanze kutilia shaka na mengine.

Kwa wenye ukurasa wa LinkedIn, tangu 2022 mtandao huo una sehemu maalumu ya kuandika kipindi cha mapumziko ya kazi, yenye orodha ya sababu za kuchagua. Unaweza kuitumia au kuiacha, lakini tarehe za pale na za wasifu lazima zifanane, kwa kuwa kulinganisha hizo mbili humchukua mtu nusu dakika.

Kwenye barua, mahali huamua mengi. Sentensi zako mbili zisikae aya ya kwanza, kwa sababu msomaji atazisoma zilizobaki zote kupitia pengo. Zisikae mwisho, kwa sababu ndilo jambo atakaloondoka nalo. Ziweke baada ya aya inayoonyesha uwezo wako, kabla ya aya ya mwisho inayoeleza upatikanaji wako na ombi lako. Katika barua ya maneno 250 hadi 300, maneno 33 ni kama sehemu moja ya nane, na hicho ni kipimo kizuri. Ukiona maelezo ya pengo ni marefu kuliko maelezo ya ujuzi wako, barua yako imekuwa barua ya pengo. Aya inayofuata ianze na kazi, mfano «Nitapatikana kuanzia Agosti 4, 2025, kwa siku tano za wiki», ili mazungumzo yahame mara moja.

Fomu za mtandaoni zina ukali wake. Baadhi hukataa kuendelea kama tarehe hazikuungana, na hapo mtu hushawishika kusogeza mwezi wa kumaliza kazi ya zamani ili kuziba. Usiusogeze. Tafuta kisanduku cha «mengineyo» au «maelezo ya ziada», uandike toleo fupi. La mwanafunzi wetu ni hili:

«Machi 2023–Februari 2024: niliahirisha masomo kwa ruhusa ya chuo kumhudumia mzazi mgonjwa. Nilirudi Machi 2024, sijarudia somo.»

Halifiki herufi 150, hata ukihesabu nafasi na alama, na litaingia kwenye visanduku vingi. Liandike kwanza kwenye faili lako kisha ulinakili, kwa kuwa fomu nyingi hukata maneno yaliyozidi bila kukuonya, na sentensi iliyokatwa katikati huonekana kama mtu aliyebadili mawazo.

Sababu ngumu zaidi

Ada ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: «Niliahirisha masomo kuanzia Septemba 2022 hadi Agosti 2023 nikitafuta ada, ada ya kozi yote imeshalipwa.» Kipande cha pili ndicho kinachojibu hofu. Kama haijalipwa yote, taja mpaka ulipofika: «ada ya mwaka huu imelipwa».

Afya yako mwenyewe ina mpaka wa kuulinda. Sema «sababu za kiafya» na kwamba uliruhusiwa kurudi masomoni, basi. Usitaje jina la ugonjwa, dawa wala hospitali, na hilo linahusu maradhi ya akili sawasawa na mguu uliovunjika. Kutolitaja si udanganyifu. Katika nchi kadhaa mwajiri mwenyewe amewekewa mipaka: Uingereza, kifungu cha 60 cha Sheria ya Usawa ya 2010 humzuia kuuliza habari za afya kabla ya kutoa nafasi, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa. Tazama sheria ya mahali unapoomba. Ila kama kuna jambo la afya litakalogusa kazi yenyewe, mfano huwezi zamu za usiku, hilo lizungumzwe ukishapewa nafasi na kabla ya kusaini, kama hitaji la kazi, si kama maelezo ya pengo.

Ujauzito na malezi: «Niliahirisha masomo kwa ajili ya malezi» inatosha. Umri wa mtoto na nani anakaa naye mchana ni mambo ya nyumbani kwako.

Matokeo mabaya ndipo watu wengi huteleza, na tungependa kukaa hapa kidogo. Aliyerudia mwaka au kusimamishwa kwa alama ndogo huwa na hati ya matokeo inayosema kila kitu. Kuandika «niliahirisha» wakati hati inasema «amerudia» ni uongo unaogundulika bila uchunguzi wowote, kwa maana wewe mwenyewe umeiambatisha hati hiyo. Ukweli mfupi huonekana vizuri zaidi kuliko unavyohofia:

«Nilirudia mwaka wa pili, 2022/2023, baada ya kufeli masomo mawili ya takwimu. Niliyafaulu yote mawili Julai 2023 na sijafeli somo lingine tangu hapo.»

Masomo yatajwe kwa idadi na kwa jina. «Changamoto za kimasomo» humfanya msomaji adhani ni mengi. Na usimtupie lawama mhadhiri, hata kama darasa zima lilifeli: msomaji hana njia ya kulipima hilo, ila ana njia ya kupima jinsi unavyozungumza kuhusu msimamizi wako wa zamani, na yeye ndiye anayetafuta mtu wa kumsimamia.

Kama ulisimamishwa kwa nidhamu, tenganisha hali mbili. Fomu ikiuliza waziwazi, «Je, umewahi kuadhibiwa na chuo?», jibu ni ndiyo, ikifuatiwa na aina ya kosa kwa maneno machache, muda wa adhabu na tarehe ya kurejeshwa. Isipouliza, tarehe za kusimamishwa zionekane kwenye wasifu kama zilivyo, na jibu liwe tayari kwa usaili. Usilibatize jina la ugonjwa au la familia. Maombi yanayofanikiwa kwa sababu ya uongo hubaki na uongo huo ndani yake, na nafasi inaweza kufutwa hata mwezi wa pili wa mafunzo.

Na aliyemaliza masomo akakaa miezi kumi akitafuta nafasi? Huyo hana siri ya kueleza. «Tangu nimalize masomo Julai 2024 nimekuwa nikiomba nafasi za mafunzo» ni maelezo kamili, na kama kuna jambo la kweli alilofanya kando, aliweke baada ya hapo kwa tarehe zake.

Jaribio kabla ya kutuma

Chapisha au fungua kwa pamoja wasifu, barua, fomu na hati ya matokeo. Weka kidole kwenye kila tarehe ya pengo na uhakikishe ni ile ile kote. Kisha jiulize swali moja: mtu akipiga simu chuoni leo na kusoma sentensi yangu, je, watasema «ndiyo»? Kutosema kila kitu kunapita jaribio hili. Kusema kisichokuwepo hakupiti.

Wadhamini wako nao wapigie. Mhadhiri anayekupenda anaweza kukuharibia kwa nia njema, akisema «alipata matatizo makubwa, maskini, lakini ni mtoto mzuri». Mtumie sentensi zako mbili na umwombe, kwa heshima, asiende zaidi yake akiulizwa.

Ukiulizwa kwenye usaili

Maneno yale yale, mpangilio ule ule, kwa sekunde 20 hadi 30. Jirekodi kwenye simu na utazame saa. Mtu akijaribu mara ya kwanza huvuka muda huo kwa urahisi, na kinachomrefusha si swali bali kimya kinachofuata jibu. Msaili huwa kimya kwa sababu anaandika. Mwombaji hudhani jibu halikutosha, akaongeza. Akaona bado kimya, akaongeza tena, na sentensi ya nne ndiyo inayomtoa machozi au kumtia kwenye maelezo asiyotaka kuyatoa. Malizia jibu lako kwa kazi: «…na sasa ndugu wengine ndio wanaomhudumia. Muhula huu ninasoma ukaguzi wa hesabu, ndiyo maana nimeomba idara hii.» Kisha nyamaza hadi uulizwe.

Swali la nyongeza mara nyingi ni moja kati ya mawili. Likiwa «Je, inaweza kutokea tena ukiwa hapa?», jibu kwa mpango ulio nao, bila kuapa: «Mpango wa sasa umefanya kazi kwa mwaka mzima sijakosa mtihani hata mmoja. Likitokea jambo, nitamwambia msimamizi siku hiyo hiyo.» Likiwa «Alikuwa anaumwa nini?», una haki ya kuufunga mlango kwa adabu: «Ningependa kuiacha habari hiyo kwa familia, lakini niko tayari kueleza chochote kuhusu masomo yangu kipindi hicho.» Sema kwa sauti ile ile uliyokuwa nayo. Wasaili wengi huuliza kwa huruma tu, na hawatarudia.

Kama umeshatuma zenye makosa

Hutokea: umetuma, usiku ukakuta kwamba fomu inasema ulirudi Januari na hati inasema Machi. Usisubiri waigundue, na usitume maombi yote upya, maana baadhi ya mifumo hulifuta la kwanza au huyahesabu kama maombi mawili. Andika barua pepe kwa anwani iliyotajwa kwenye tangazo, ukiweka jina la nafasi na namba ya maombi kwenye kichwa cha habari, na mwili uwe huu tu:

«Katika maombi yangu niliandika kwamba nilirejea masomoni Januari 2024. Tarehe sahihi, kama inavyoonekana kwenye hati ya matokeo, ni Machi 2024. Nimeambatisha wasifu uliosahihishwa. Maelezo mengine hayajabadilika.»

Usieleze ulivyokosea. Hifadhi nakala ya barua hiyo pamoja na toleo jipya la wasifu, na toleo la zamani lifute kwenye simu na kompyuta yako, ili usilitume kwa bahati mbaya kwenye nafasi inayofuata.